Neema, acha kukimbizana na mwalimu

Neema mambo, za huko Njiro? Samahani kwa kimya, nilikuwa Kibosho kwenye msiba wa bibi yake Happy, na huku Moshi mvua haikatiki hata nguo hazikauki. Ila meseji yako ya Jumapili nimeirudia mara nyingi. Kurasa sita za noti halafu hujui lekcha ilihusu nini! Imeniuma kwa sababu mimi mwaka jana nilikuwa hivyohivyo.

Usiseme Kiingereza chako kibovu. Mwalimu anatoa maneno 100 na zaidi kwa dakika, mkono wako hata 30 ni shida, kwa hiyo ukitaka kuandika kila kitu unaishia kupata mwanzo wa kila sentensi tu, na Kiingereza jambo lenyewe mara nyingi wanaliweka mwishoni.

Nikupe lekcha moja iliyonifunza, ile ya magonjwa ya kahawa. Mwalimu alianza na kusema leo tutaangalia magonjwa mawili ya fangasi. Mimi nikaikopi sentensi nzima, kumbe nilitakiwa kuandika 1 na 2 tu pembeni na kuacha nafasi, maana pale ameshakuambia mapema utasubiri vitu vingapi. Akaeleza kutu ya majani, ule unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, jani likizidiwa linadondoka. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema "nau, anlaiki rasti..." na mimi nilikuwa bado nahangaika na spelingi ya ule unga! Hicho kineno "anlaiki" kilikuwa kinaniambia kinachofuata ni tofauti na kutu, yaani ule ugonjwa wa pili, chulebuni, wenyewe hasa unashambulia matunda mabichi. Sikukisikia. Kwenye testi nikaandika yote mawili ni ya majani.

Siku hizi mwalimu akinyamaza halafu akasema "okei" au "nau" kwa sauti iliyopanda, naacha sentensi niliyonayo hapohapo hata kama haijaisha, naruka mstari. Ni mada mpya hiyo. Akisema "bat" au "hauweva" naweka alama ya ≠ halafu nasikiliza, siandiki mpaka amalize. Akisema "bai ze wei" napumzisha mkono, anatoka nje ya mada, ila nasubiri "enihau" maana hapo ndio anarudi. Isipokuwa akirudia jambo la pembeni mara mbili au akaliandika ubaoni, hilo naandika.

Kuna kingine kilinisumbua zaidi, kan na kant. Alikuwa anaongelea dawa za kopa za kupulizia, kwamba zinakinga kabla ugonjwa haujaingia, ukishaingia haziponyi. Mimi nikasikia "kan kyua", nikaandika zinaponya. Sisi kwenye Kiswahili kila silabi unaisikia, ukikataa unasema "haziponyi" na hiyo "ha" iko mwanzoni wazi kabisa. Wao wanameza maneno madogo. "Kan" inabaki kama "kn" tu na uzito unaenda kwenye kitendo, lakini "kant" inatamkwa nzima, ina uzito wake, hata kama ile t ya mwisho huisikii. Kwa hiyo usiitafute t, sikiliza uzito. Ukiwa na wasiwasi andika ? ukaulize akitoka, usibahatishe, maana hapo kosa linageuza maana yote.

Karatasi nagawa kwa mstari, kushoto padogo, kulia pakubwa. Kulia naandika wakati wa lekcha, majina ya kitaalamu kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza, maelezo kwa Kiswahili, mshale kwa sababu na matokeo. Nikipitwa naacha mistari mitatu na ?, siangalii ya jirani, ukigeuka tu umepitwa na jingine. Jioni hiyohiyo, sio wikiendi, naandika kushoto swali ambalo kila kipande kinajibu. Kipande nisichoweza kukitungia swali najua sikukielewa.

Sema kuna walimu haya yote hayasaidii, anaahidi mambo matatu anatoa mawili, au anasoma slaidi kwa sauti moja mwanzo mwisho. Kwa huyo soma slaidi usiku kabla, sina njia nyingine. Na ile ya "anlaiki", Neema, bado inaniuma mpaka leo, alama nane zile.

Sasa niambie, huyo wa Jumanne anayekuchanganya anaongea haraka au anameza maneno? Anaandika ubaoni? Unakaa mbele au bado mnakaa nyuma na Eliasi? Hebu nipigie picha ukurasa mmoja wa zile sita, wowote, unitumie. Na Mama Doreen alipata ile mbegu?

Wako,
Rehema