Peremende haizibui pua ya mtoto mchanga

Ndugu Mhariri,

Baridi ya Juni na Julai ikishashuka kutoka mlimani, duka la dawa ninalofanyia kazi hapa Moshi huuza pipi kuliko dawa. Watu wazima wananunua peremende na pipi za koo zenye mentoli, nami nawauzia bila kinyongo. Ninachokilalamikia ni matumizi mengine, ambayo mteja hunisimulia akiwa ameshalipa: pipi inamumunywa hadi ilainike, kisha inapakwa chini ya pua ya mtoto mchanga mwenye mafua ili "apate hewa". Wapo wanaoiponda na kuichanganya na mafuta ya mgando. Nikiwakataza wananiuliza, na wana haki ya kuuliza: mbona mimi mwenyewe nikiimumunya pua inafunguka?

Haifunguki. Mentoli haipoozi koo wala haizibui pua. Ukimumunya peremende kisha ukaweka kipimajoto chini ya ulimi, utakuta joto ni lilelile la mwili, nyuzi 37 au pungufu kidogo. Kinachobadilika ni taarifa inayokwenda kwenye ubongo. Kwenye ncha za neva za mdomo, koo na pua kuna vijilango vya protini ambavyo wanasayansi wameviita TRPM8. Kwa kawaida hufunguka pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 25 hadi 28 hivi. Kikifunguka, chembe za kalsiamu na sodiamu huingia ndani ya neva, neva inashtuka, na ubongo unasoma: baridi. Mentoli hujishikiza kwenye kilango hicho na kukifanya kifunguke hata pakiwa na joto ambalo lingekiacha kimefungwa. Kwa hiyo koo lenye joto lake la kawaida linatoa taarifa ya ubaridi.

Jambo hili unaweza kulipima mwenyewe asubuhi. Ukiwa na peremende mdomoni, vuta hewa kwa kinywa, halafu itoe. Hewa inayoingia inakuwa kali kama ya barafu, inayotoka haina ukali huo. Hewa ya nje ilikuwa ya baridi tangu mwanzo, na kilango kilichokwisha kulegezwa na mentoli kinaikuza. Maji ya bomba nayo, ukiyanywa wakati huo, yanauma meno. Kilango hiki kilitambuliwa mwaka 2002 na maabara mbili za Marekani zilizofanya kazi kila moja kivyake, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, na mwaka 2021 wawili hao walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na vya mguso. Julius alikuwa ameanza na pilipili, ambayo hufanya ulaghai huohuo upande wa moto.

Sasa njoo puani. Hewa inapopita, inapoza kidogo utando wa ndani ya pua, na ubongo hutumia ubaridi huo kujua kwamba njia iko wazi. Mentoli inaghushi ishara hiyo. Watafiti wamewapima watu wazima wenye mafua kabla na baada ya kuvuta mentoli: watu walisema wanapumua vizuri zaidi, lakini kipimo cha hewa inayopita puani hakikubadilika. Kamasi ziko palepale na uvimbe uko palepale. Kwa mtu mzima hilo ni faraja, na pipi inasaidia pia kwa kuleta mate yanayolainisha koo. Mtoto wa wiki sita hawezi kukuambia kwamba anajisikia vizuri, kwa hiyo hata faida hiyo huna namna ya kuijua. Hatari yake, kwa upande mwingine, ni ya kweli.

Neva za pua zimeunganishwa na sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Kitu kikali kikigusa pua ghafla, mwili una njia ya kujilinda: unasimamisha pumzi na kufunga njia ya hewa pale kwenye sanduku la sauti, ili kitu hicho kisiteremke kwenye mapafu. Kwa mtu mzima ni kushtuka tu, halafu anapumua. Kwa mtoto mchanga mwitikio huo ni mkubwa na hauachii upesi. Ndiyo sababu miongozo ya dawa ya Ulaya inakataza mafuta ya peremende kwa watoto wa chini ya miaka miwili, ikitaja waziwazi kusimama kwa pumzi na kubana kwa njia ya hewa. Ongeza kwamba mtoto wa miezi ya mwanzo hutegemea sana pua kupumua, hasa akiwa ananyonya, na matundu yake ni membamba mno. Ute wa sukari unaonata ukichanganyika na kamasi unaziba kilichobaki.

Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walichapisha habari za mtoto wa kike wa miezi 18 aliyefikishwa hospitali akihangaika kupumua baada ya kupakwa chini ya pua dawa ya kuchua yenye mentoli, kafuri na mkaratusi. Walipoijaribu dawa hiyo kwenye njia ya hewa ya wanyama wa jamii ya kicheche, kamasi ziliongezeka, na vinyweleo vinavyozisukuma nje vilipunguza mwendo. Dawa hiyo si peremende tupu, nakubali. Lakini mahali ilipopakwa ni palepale, na mtoto huyo alikuwa mkubwa kuliko wengi wanaoletwa dukani kwangu.

Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, wote niliowalea niliwapaka, na wako hai." Namwamini. Si kila mtoto atasimama kupumua, na mafua huisha yenyewe kwa wiki moja hivi, upake usipake. Ila hakuna njia ya kujua mapema ni mtoto yupi. Na mtoto kutulia baada ya kupakwa si ushahidi kwamba amezibuka.

Kinachozibua ni maji ya chumvi ya matone, yale ya dukani yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua. Mlaze mtoto chali, dondosha tone moja au mawili kila tundu, subiri kama dakika moja kamasi zilainike, kisha futa kwa kitambaa laini au vuta taratibu kwa kipira cha kunyonyea kamasi. Fanya hivyo kabla ya kumnyonyesha, maana hapo ndipo pua iliyoziba inamtesa.

Kama ameshapakwa, futa kwa kitambaa chenye maji, mpeleke penye hewa safi na umtazame. Akiwa anapumua kwa shida, mbavu zinavutika ndani, midomo inabadilika rangi kuwa ya bluu, au pumzi inakatika, msugue mgongo na nyayo huku mnaelekea hospitali. Usingoje kuona kama itapita. Na hata asipopakwa chochote, mtoto wa chini ya miezi miwili anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akiwa ametulia na halii, hayo si mafua ya kusubiri nyumbani.

Kwa wenzangu wa maduka ya dawa: mteja akiomba peremende au dawa ya kuchua "ya mafua", muulizeni mgonjwa ana umri gani kabla ya kupokea hela.

Mtoa dawa,
Majengo, Moshi