Jedwali la pesa, safari ya Jinja

Habari zenu wote. Kesho tunatoka Kisumu kwenda Jinja kupitia Busia, basi tutumie kiwango kimoja: shilingi 1 ya Kenya kwa 27.5 za Uganda. Nimekishusha kidogo makusudi, tusije tukapungukiwa mpakani.

| Kenya | Uganda |
|---|---|
| 500 | 13,750 |
| 1,000 | 27,500 |
| 5,000 | 137,500 |

Chumba ni 65,000 za Uganda kwa usiku, kwa hiyo siku tatu ni 195,000. Gawanya jumla hiyo kwa 27.5 upate 7,090.91, kisha pandisha hadi mia: 7,100 za Kenya. Ukipandisha kila usiku peke yake, utapata 2,400 mara tatu, yaani 7,200. Hiyo mia imeongezeka bure, ndiyo maana nasisitiza tukadirie mara moja tu, mwishoni. Gharama tunapandisha, pesa za kupokea tunashusha.

Tafadhali msibadilishe zote. Kurudi kuna kiwango chake: mbadilishaji akitaka 29 kwa shilingi moja yetu, zile 27,500 zitakupa 948 tu, si 1,000. Na mhesabu noti mkiwa bado mbele yake. 5,000 na 50,000 zinatofautiana kwa sufuri moja.