Barua ya wakili imefika, kesi bado: deni hili ni la mwaka gani?

Wenye biashara wengi wanaotuletea vitabu vyao mwezi wa Januari huamini kwamba dai la mteja huwa deni siku hati ya kuitwa kortini inapofika. Barua ya wakili hukaa kwenye droo, hesabu zikafungwa, na faida ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Lakini kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IAS 37, pamoja na Sehemu ya 21 ya kiwango cha IFRS kwa biashara ndogo na za kati, havianzi na siku ya kesi. Vinaanza na siku ya tukio.

Chukua mfano wa mwenye ghala Shimanzi anayefunga hesabu tarehe 31 Desemba. Mvua za vuli za Novemba zinapenya paani na magunia 600 ya mchele wa mteja yanaroa. Siku hiyo hiyo msimamizi wa ghala anatia sahihi hati ya kukiri kwamba mzigo umeharibika. Januari, kabla hesabu hazijaidhinishwa, inafika barua ya wakili wa mteja: shilingi 3,000,000 za mchele, na shilingi 1,500,000 za faida ambayo mteja anasema ameikosa. Kesi haijafunguliwa. Mwenye ghala anasema, "Hilo ni la mwaka mpya, tutaliona huko mbele."

Sivyo. Mchele uliroa Novemba. Barua ya Januari imetoa ushahidi tu wa jambo lililokuwapo tayari tarehe 31 Desemba, kwa hiyo ni lazima izingatiwe katika hesabu za mwaka uliokwisha. Wala mteja akinyamaza baada ya barua hiyo, usidhani mambo yameisha: kwa dai la mkataba, sheria ya Kenya humpa miaka 6 ya kufungua kesi.

Sasa tunauliza mambo matatu. Je, tukio lililopita limekuachia wajibu? Je, uwezekano wa kulipa umezidi ule wa kutolipa, yaani zaidi ya nusu? Na je, kiasi kinaweza kukadiriwa kwa uhakika wa kutosha? Jibu likiwa ndiyo kwa yote matatu, unaandika tengo: deni linaloingia kwenye mizania na kupunguza faida ya mwaka, japo hujui utalipa lini wala shilingi ngapi hasa.

Hapo ndipo wakili wako anapohitajika, na swali unalomuuliza lina uzito. Ukimuuliza "Tutashinda?", atakujibu kwamba mtajitetea kwa nguvu zote, na jibu hilo halimsaidii mhasibu. Muulize kila sehemu ya dai peke yake: uwezekano wa kulipa ni upi, na kiasi kinachoelekea kulipwa ni kipi. Katika mfano wetu wakili anajibu kwamba kwa mchele, hati iliyotiwa sahihi haiachi utetezi wa maana. Kwa faida iliyokosekana, mkataba wa kuhifadhi mzigo una kipengele kinachozuia madai ya aina hiyo. Mteja anaweza kukipinga, lakini haelekei kushinda.

Basi shilingi 3,000,000 zinaandikwa kama tengo. Zile 1,500,000 haziingii kwenye mizania. Ni deni tegemezi, linaloelezwa kwenye maelezo ya hesabu: dai ni la nini, ni kiasi gani, na lina mashaka gani. Kama wakili angesema uwezekano wake ni mdogo mno, hata maelezo yasingehitajika. Kuandika 4,500,000 zote "kwa usalama" ni kosa pia, kwa sababu faida ya mwaka huu inafichwa ili ije kuonekana mwaka mwingine.

Kuna mawili ambayo mwenye ghala atataka kuyaongeza. La kwanza ni bima. Kampuni ya bima imejibu tu kwamba imepokea dai na mkadiriaji wake anachunguza. Hiyo haitoshi. Fidia ya bima huandikwa pale tu inapokuwa karibu hakika kwamba italipwa, na hata hapo inaandikwa peke yake kama mali, bila kuzidi kiasi cha tengo. Hairuhusiwi kuikata kwenye deni ndani ya mizania.

La pili ni paa. Fundi ametaka shilingi 400,000, na mwenyewe angependa kuziweka humo humo. Haiwezekani. Tarehe 31 Desemba hakuwa na wajibu kwa yeyote wa kuziba paa lake. Angeweza hata kuliacha na kuhamia ghala jingine. Gharama hiyo ni ya mwaka ambao kazi itafanyika.

Kila mwisho wa mwaka tengo hupimwa upya. Mkipatana na mteja kwa 2,600,000, zile 400,000 zinazobaki kwenye tengo zinarudishwa kwenye faida. Hazihamishiwi kwenye dai jingine.

Ukituletea vitabu mwaka huu, viambatanishe na barua zote za madai, hata zile unazoziona hazina msingi, mkataba unaohusika, hati zozote mlizotia sahihi siku ya tukio, na majibu ya wakili kwa maandishi.