Umelipia Kukausha, Ukakuta Feni: Hii Ndiyo Sababu

Wiki iliyopita mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi hapa Magomeni, alipita dukani kabla ya saa aliyopangiwa. Akakuta mashuka yake yananing'inia chumba cha nyuma, madirisha wazi, feni mbili zinavuma, na mashine ya kukaushia imezimwa. Akasimama mlangoni, akaniambia, "Mwanangu, mimi nalipia kukausha. Feni hata nyumbani ninayo." Alilipa, lakini niliona kabisa anaondoka akiamini tumempiga changa la macho.

Si wa kwanza. Kila masika tunayasikia yaleyale: mbona mnatoza hela ya kukausha na hamna hata joto humo ndani? Imani ya wengi ni kwamba nguo hukaushwa na moto, kwa hiyo dobi asiye na moto hajafanya kazi. Naandika haya kwa sababu imani hiyo inawaharibia watu nguo, nasi ndio tunaoletewa kuzirudia.

Anza na jambo ambalo kila mtu ameligusa. Ukishika shuka bichi kambani mchana wa jua, ni baridi. Hewa ina joto, kamba ina moto, shuka ni baridi. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto, na joto hilo huyachota kwenye kitambaa chenyewe. Kitambaa kikipoa kuliko hewa inayokizunguka, hewa nayo inaanza kukipa joto. Mwisho vinapatana: joto linaloingia linalingana na linaloondoka na mvuke, na shuka linatulia pale likiwa baridi mpaka maji yake yakaribie kwisha.

Kiwango hicho cha baridi kinapimika. Pale ukutani tuna vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiko hivihivi, tunakiita kikavu. Cha pili tumekifunga kipande cha pamba nyeupe kichwani, ncha yake imezama kwenye kikombe cha maji safi. Hicho tunakiita kibichi. Vituo vya hali ya hewa huweka jozi kama hiyo ndani ya sanduku jeupe lenye mianya pembeni. Ukivipulizia feni dakika chache, kibichi hushuka, kisha husimama. Pale kinaposimama ndipo na shuka lako linaposimama likiwa kivulini.

Mimi huangalia tofauti kati ya hivyo viwili kabla sijamwambia mteja nguo zitakuwa tayari saa ngapi. Mchana mmoja wa Aprili, mvua ikiwa imetoka kunyesha, kikavu kilisoma 30 na kibichi 27. Tofauti nyuzi 3 tu, na mtaa mzima ulikuwa unatoka jasho. Mwezi Agosti nilikwenda Dodoma kwa mdogo wangu, nikavichukua. Kule kikavu kilisoma 27, yaani pungufu ya Dar, ila kibichi kilishuka hadi 18. Tofauti nyuzi 9. Kwa upepo uleule, shuka lilelile litatoa maji karibu mara tatu kwa kasi kuliko Magomeni ile siku ya Aprili, ingawa hewa ya Dodoma ilikuwa ya ubaridi zaidi. Joto la hewa peke yake halikuambii kitu. Kinachovuta maji nje ya nguo ni hiyo nafasi kati ya kikavu na kibichi, na nafasi hiyo inapanuka hewa ikiwa kavu.

Upepo kazi yake ni nyingine. Shuka bichi hujifunika tabaka jembamba la hewa yake mwenyewe iliyojaa mvuke, na hewa tulivu haiondoi tabaka hilo. Ndiyo maana ua lenye kuta ndefu na jua la utosini huweza kuchelewesha nguo kuliko paa la ghorofa lenye kusi linalovuma, hata kama ni asubuhi ya mawingu. Upepo unafagia lile tabaka, na papo hapo unaleta hewa nyingine yenye joto la kukipa kitambaa. Joto la kugeuza maji kuwa mvuke unalipata bure kutoka kwenye hewa ya chumba. Feni inailazimisha tu ipite pale panapotakiwa.

Na ni joto jingi. Lita moja ya maji inataka joto la kama uniti 0.7 za umeme kugeuka mvuke. Kilo tano za nguo zilizokamuliwa kwa mkono zinaweza kubaki na lita tano za maji. Ukitaka joto lote hilo litoke kwenye umeme, hizo ni kama uniti tatu na nusu kabla hujahesabu upotevu wowote. Feni ya wati 60 ikivuma saa sita inakula uniti 0.36. Ndiyo maana nguo zako huanza kwa mzunguko mkali wa kukamua, kisha feni, na mashine ya kukaushia inakuja mwisho ikihitajika. Tukifanya kinyume, bei ya kilo ingekushtua.

Sasa nije kwenye njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi. Kaka mmoja mwenye nyumba ndogo ya wageni aliona masika yamemkalia kooni, mashuka hayakauki, wageni wanakuja. Akayachukua yote, akayaanika stoo, akafunga mlango na dirisha, akawasha jiko la mkaa katikati. Kesho yake akatuletea furushi lenye uvundo, tena linatoa jasho.

Kwanza, jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyeingia kugeuza mashuka anaweza asitoke. Hilo nalisema kabla ya yote.

Pili, hesabu yenyewe inakataa. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu, dari mita 2.7. Hewa ni nyuzi 30, unyevu asilimia 80, kama ile siku ya Aprili. Ukiipasha hadi 35 bila kuongeza mvuke, kibichi kitasoma kama 28.5, hivyo tofauti inakuwa nyuzi 6.5, zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo nakubali: mwanzoni moto unasaidia kweli, na kaka yule aliona mashuka yanafuka akafurahi. Lakini hewa yote ya chumba hicho, kwa nyuzi 35, ina nafasi ya gramu kama 380 tu za mvuke zaidi. Haifiki hata nusu lita. Yeye alikuwa na mashuka yenye lita nyingi. Gramu hizo 380 zilipoingia hewani, kibichi kikakifikia kikavu, na kuanzia hapo moto ulikuwa unayachemshia mashuka uvundo. Joto, unyevu na giza ndivyo vijidudu vya harufu vinavyovipenda. Akitumia jiko la gesi ni balaa zaidi, kwa kuwa gesi ikiungua hutoa mvuke wake mwenyewe.

Tulirudia kufua mashuka yale yote. Matatu yalikuwa na madoa meusi ya ukungu, na madoa yale kwenye kitambaa cha rangi mara nyingi hayatoki bila dawa inayokula na rangi. Alilipa mara mbili na mashuka matatu akayakosa. Angefungua dirisha na mlango, akaweka feni ikielekea nje, bila moto wowote, angekuwa mbali.

Hata mashine yetu ilishatufundisha somo hilo. Siku moja nguo zilikuwa zinatoka za moto kiasi cha kuunguza vidole, lakini mbichi. Tuliongeza muda, zikawa za moto zaidi na bado mbichi. Nikadhani kifaa cha joto kimeharibika. Fundi alipokuja akaenda moja kwa moja nyuma, akachomoa bomba la kutolea hewa, akatoa nyuzi za nguo zilizoshikamana kama godoro. Joto lilikuwepo lote; hewa yenye mvuke haikuwa na pa kutokea. Ile mashine watu wanaiona ya moto, kumbe nusu ya kazi yake ni feni na bomba. Tangu siku hiyo chujio lake linasafishwa kila baada ya mzigo mmoja, na bomba kila Jumatatu.

Feni nayo ina mpaka wake. Haikaushi hewa. Kuna usiku wa masika vipimajoto vyote viwili vinasoma 26, na hapo unaweza kuvumisha feni kumi mpaka asubuhi shuka likabaki lilivyo. Siku kama hizo lazima tuwashe mashine, ipashe hewa joto na kuitupa nje, na siku hizo bei ya kukausha inapanda. Tunabandika mlangoni asubuhi, na ukitaka kuhakikisha, vipimajoto viko ukutani, soma mwenyewe.

Pia kuna sehemu ambazo upepo hauzifikii. Shuka lote ni uso, maji yako juu. Lakini ukosi wa shati, kiuno cha jinzi na pembe za mifuko zina tabaka nne au tano za kitambaa, na maji yaliyo ndani lazima yajivute taratibu mpaka nje. Hapo ndipo joto lina faida ya kweli, na hapo ndipo tunapotumia mashine kwa dakika chache za mwisho. Wapo wanaoona jinzi imekauka mapajani wakaipiga pasi na kuikunja; siku ya tatu kabati zima linanuka.

Yule mama wa mashuka nilimpigia simu jioni, nikamwomba apite tena. Nilimshikisha shuka lililokuwa bado bichi: baridi. Nikamshikisha lake: halina baridi wala joto, sawa na hewa ya chumbani. Akapitisha vidole kwenye pindo, mahali penye mshono mara mbili, akakaa napo kidogo, kisha akauliza kama tunaweza kumkaushia na mapazia.

Nawe fanya hivyohivyo ukija kuchukua mzigo wako. Usiguse katikati ya nguo. Shika ukosi, pindo na pembe ya mfuko kwa mgongo wa mkono. Ukisikia baridi popote, turudishie hapohapo kaunta kabla hujalipa, na saa za ziada hatukutozi.