Barua kwa Aika, kabla ya Jumatatu

Aika mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, kwamba Jumatatu unaitwa kwenye usaili wa mtunza ghala kule Usa River. Nimefurahi. Ila ile sentensi yako ya mwisho imenikosesha raha: "Baba, nitaanza kwa kuwaeleza kwa nini nimehamahama kazi." Usianze hivyo, mama. Hakuna aliyekuuliza.

Watakachokuuliza kwanza ni "Hebu tueleze habari zako." Wengi hapo huanza na shule, halafu kazi ya kwanza, halafu ya pili, mpaka wafike ya leo. Wewe ukifuata njia hiyo msikilizaji atasikia kahawa, mlima, mitumba, saluni, pesa za simu, saruji, na kabla hujamaliza ameshakuweka kwenye fungu la wasiotulia. Hana nia mbaya. Hakujui, ana dakika chache, na vipande usivyomuunganishia wewe ataviunganisha mwenyewe kadiri anavyoona.

Kwa hiyo uzi wa kuviunganisha utangulie, kazi zifuate. Chukua karatasi, andika kila kazi uliyofanya, na pembeni yake andika ulichokuwa unakishika kila jioni kabla ya kwenda nyumbani. Usiandike cheo. Kwenye AMCOS, ule ushirika wa wakulima wa kahawa, ulikuwa unalinganisha kilo za kwenye daftari na magunia yaliyopo. Kwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani ulikuwa unahesabu mahema, magodoro na mitungi ya gesi inayorudi. Kwenye uwakala ulikuwa unajumlisha floti na pesa taslimu uone kama mtaji uliotoka nao asubuhi upo. Kwenye vifaa vya ujenzi, leja na kadi za stoo. Umeona? Ni kazi ileile, mahali panne: mali inapita mikono ya watu wengi, na wewe ndiye unayejibu kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Ndiyo sentensi yako ya kwanza hiyo. Ilivyo fupi, iache hivyo.

Tahadhari moja juu ya uzi. Usiwe mpana kiasi kwamba hata jirani anaweza kuusema. "Mimi ni mchapakazi, napenda watu" haushiki kitu. Na usiwe wa kubuni. Watapiga simu kwa wadhamini wako, na tajiri wako wa saruji akiulizwa "Alikuwa anafanya nini hasa?" jibu lake lifanane na lako. Ndiyo maana usijiite afisa ugavi. Cheo hicho kina bodi yake, na wewe hujasajiliwa. Sema mtunza stoo, ndivyo ulivyokuwa.

Halafu kila kazi iongeze kitu ambacho iliyotangulia haikuwa nacho, la sivyo umerudia jambo moja mara nne. Kwenye kahawa sema ulijifunza upungufu. Kilo zilizopimwa kwa mkulima na zilizopimwa kiwandani hazilingani kama kahawa ilipokelewa haijakauka vizuri, maana inaendelea kupoteza maji gunia likiwa stoo, na karani asipoandika hali ya mzigo siku ya kuupokea anaonekana mwizi. Mtu wa ghala akisikia hivyo anajua hujakariri. Mlimani sema ulijifunza kutoa vitu kwa jina la mtu. Mzigo wa mpagazi unapimwa getini na kikomo ni kilo 20, kwa hiyo ulilazimika kujua kila begi lina nini na nani kalibeba, na hema likirudi bila vigingi unajua wa kumuuliza. Uwakala upitishe kwa sentensi moja tu: hesabu inafungwa kila siku, haingoji mwisho wa mwezi.

Saruji ndiyo uikalie kidogo, maana ndiyo inayokufikisha kwenye kazi yao. Wao ghala lao lina mbolea na dawa za mimea, vitu vyenye tarehe. Waeleze ulivyokuwa unaipanga: mifuko ya kilo 50 juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta kwa sababu ya unyevu, na iliyotangulia kuingia itoke kwanza, kwani saruji ikikaa miezi 3 na zaidi nguvu zake zinapungua na mingine inaganda ndani ya mfuko. Waambie pia wapakiaji walivyozoea kuchukua mifuko ya mbele, ile mipya, na wewe ukaamua mzigo mpya uingilie nyuma. Baada ya hapo malizia: "Dawa za shambani zinataka utaratibu huohuo, na hatari yake ni kubwa zaidi. Ndiyo maana nimeomba kazi hii." Nyamaza. Yote hayo yasizidi dakika mbili. Jipime kwa saa ya simu, kwa sauti, sio kichwani. Kichwani kila mtu ni mfupi wa maneno.

Saluni na mitumba ya soko la Memorial usivitaje hapo. Kwenye wasifu viwepo kwa mstari mmoja mmoja, na miaka yake, maana kuficha ni jambo jingine kabisa. Wakikuuliza, jibu: "Hizo zilikuwa za kujikimu." Basi. Na ule mwaka wa 2020 usiuogope. Wageni walikata kwa korona na stoo ya mlima ikafungwa, Arusha na Moshi nzima inajua. Sentensi moja inatosha. Ukiongeza ya pili utaanza kujitetea, na ukianza kujitetea, mama, huwa husimami. Nakujua.

Narudia tena kwa sababu najua utasahau ukishaketi kwenye kile kiti: usiombe radhi kwa kuhamahama. Wakikuuliza waziwazi kwa nini uliacha, sema sababu ya kweli kwa maneno kumi. Msimu uliisha. Wageni walikata. Duka lilibadilisha mmiliki. Yule bosi wa uwakala usimtukane hata kama anastahili, na anastahili.

Wasifu uupange upya kwa mpangilio huohuo, juu kabisa iwe ile sentensi ya uzi. Ukisema hivi na karatasi inasema vile, wataamini karatasi. Vyeti utoe kopi leo, usingoje asubuhi ya Jumatatu, unajua umeme wa huko kwenu. Na wadhamini uwapigie kabla, uwaambie umeomba kazi gani, wasishtukizwe.

Hapa nyumbani migomba ya chini imeangushwa na upepo, mikungu mitatu tumeiwahi, mmoja mama yako amekutengea. Bili ya maji imekuja kubwa kuliko kawaida, nadhani bomba linavuja kule kwa banda, kaka yako anasema ataangalia, na kaka yako unamjua. Shangazi yako wa Kibosho anauliza kama utakuja ubarikio wa mwanae. Nimemwambia asubiri Jumatatu ipite.

Halafu, mtunza stoo, ufunguo wa banda la pumba umeondoka nao. Mpe kondakta wa Coaster ya asubuhi, nitampokea stendi.

Baba yako