Bima ya duka: hesabu bidhaa kwanza, ndipo ukate

Mazungumzo haya tumeyaandaa kwa vikundi vya akiba vya Likoni, Mtongwe na Kisauni vinavyotaka kuelezwa bima ya duka siku ya mkutano. Katibu anaweza kuyasoma kwa sauti, kisha wanachama waulize maswali.

Ndugu wanachama, tuanze na sanduku lenu. Mwanachama akikopa ili ajaze duka, zile pesa ni hisa za waliokaa naye kwenye mkeka. Duka likiungua, mkopo hauungui. Wadhamini wataitwa, akiba zao zitakatwa, na zisipotosha, mgao wa mwisho wa mwaka utapungua hata kwa yule ambaye hajawahi kukopa.

Kikundi kinaweza kumbeba mwanachama mmoja aliyekwama. Mmoja akiugua au akifiwa, mnachanga na mkopo wake unasukumwa mbele miezi michache. Moto ni jambo jingine, kwa sababu maduka ya wanachama mara nyingi yako safu moja, ukuta kwa ukuta, mbao na mabati, na nyaya za stima zimevutwa kutoka mita moja. Moto ukianzia la kwanza, la tano haliponi. Hapo wakopaji watano wanaanguka usiku mmoja, na pengine wadhamini wao nao wana maduka kwenye safu hiyo hiyo. Akiba ya kikundi haikuwekwa kwa hasara ya namna hiyo. Bima ndiyo inayoifaa, kwa sababu kampuni imekusanya ada kutoka kwa maduka mengi yaliyo mbali na safu yenu.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza watu wengi waliokwisha kulipa, nalo ni kiwango cha bima kisicholingana na bidhaa zilizomo dukani. Tulifanyie hesabu.

Chukua duka la rejareja Mtongwe lenye bidhaa za shilingi 600,000 kwa bei ya kununulia. Mwenye duka amekopa kikundini 300,000, na kwa kuwa anachotaka kukilinda ni mkopo, anakata bima ya 300,000. Baada ya miezi michache hitilafu ya stima inawasha moto upande wa nyuma, na bidhaa za 200,000 zinateketea kabla majirani hawajauzima. Yeye anajua ana bima ya laki tatu na hasara ni laki mbili, basi anatarajia kulipwa zote.

Mkadiriaji wa hasara anapofika, kwanza anahesabu kilichobaki. Anakuta cha 400,000, anajumlisha na kilichoungua, anapata 600,000. Mwenye duka alikatia bima nusu tu ya mali yake, kwa hiyo nusu ya pili kampuni inamhesabu yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyeibeba. Atalipwa nusu ya hasara, yaani 100,000. Kisha inakatwa ekses, ile sehemu ya hasara ambayo kila mwenye bima hujibebea. Kama hati inasema asilimia 10, inatoka 10,000, na mkononi anapata 90,000. Hicho kinaitwa kifungu cha wastani, na kimo karibu katika kila hati ya bima ya moto. Kampuni haijamdhulumu. Alilipa ada ya nusu.

Angekata ya 600,000 angepata 200,000 kutoa ekses ya 20,000, yaani 180,000. Tofauti ya ada si kubwa kama watu wanavyodhani. Tuseme kwa mfano kampuni inatoza shilingi 5 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Bima ya 300,000 ingegharimu 1,500, na ya 600,000 ingegharimu 3,000, pamoja na tozo ndogo za serikali na stempu ya shilingi 40. Kwa duka la mbao, au lililoezekwa makuti, ada hupanda, na kampuni nyingine hukataa kabisa. Ndiyo maana ujenzi lazima uandikwe kwenye fomu jinsi ulivyo. Ukiandika mawe ilhali ukuta wa nyuma ni mbao, umewapa sababu ya kukataa kulipa siku ya moto.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita wakala, hesabu bidhaa. Tumia bei uliyonunulia, usitumie bei unayouzia, maana bima ya bidhaa hurudisha gharama na si faida. Halafu usihesabu mwezi mkavu. Kwetu Pwani duka hujaa kabla ya Ramadhani na Idi, Desemba, na Januari shule zinapofunguliwa. Ikiwa mwezi wa kawaida una 450,000 na kabla ya Idi unafika 600,000, kiwango cha bima ni 600,000. Ukipenda njia nyingine, mwombe wakala aongeze kiwango kwa miezi hiyo, lakini apewe taarifa kabla ya lori kushusha mzigo, na nyongeza hiyo iandikwe. Vyombo kama friji, mizani na rafu vihesabiwe kando na viwe na mstari wao kwenye hati.

Hesabu hiyo itahitaji ushahidi, na daftari linalokaa chini ya kaunta huungua pamoja na kaunta. Kila mwisho wa mwezi fanya hesabu fupi: bidhaa zilizokuwepo, jumlisha ulizonunua, toa gharama ya ulizouza. Mwezi ulianza na 520,000, ukanunua za 260,000, ukauza za 240,000. Ikiwa kwenye kila shilingi 100 ya kununulia unaongeza 20, basi zile ulizouza zilikugharimu 200,000, na dukani zimebaki 580,000. Piga picha ukurasa huo na risiti za jumla, uzitume kwa WhatsApp kwa katibu wa kikundi siku hiyo hiyo. Tunalishikilia jambo hili sana. Mkadiriaji akikuta majivu bila karatasi yoyote, atakadiria mwenyewe, na makadirio yake huwa chini ya yako.

Baada ya thamani, soma hati inataja hatari zipi. Moto na radi huwa ndani. Mafuriko yasidhaniwe tu kwamba yamo, tafuta neno lenyewe. Mombasa mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, huingiza maji madukani mitaro ikiziba, na bila neno hilo hulipwi kitu. Baadhi ya hati hutaka bidhaa ziwe zimeinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni. Magunia ya unga na sukari yaliyolazwa kwenye saruji hayatafidiwa hata kama mafuriko yameandikwa, basi weka mbao za kuinulia kabla ya mvua. Fujo za kisiasa na ugaidi huhitaji nyongeza yake, na mwaka wa uchaguzi ni vizuri kuiulizia mapema. Friji iliyounguza mota yake kwa stima kupanda na kushuka kwa kawaida hailipwi na bima ya moto, wala maziwa yaliyoharibika ndani yake.

Wizi ni bima nyingine, hata ikiwa imefungwa kwenye kitabu kimoja na ya moto. Nayo ina sharti ambalo watu wengi hawalijui mpaka wameibiwa: lazima kuwe na dalili za kuvunja. Kufuli iliyokatwa, bati lililong'olewa, au komeo lililopinda. Mtu akifungua kwa ufunguo aliouchonga, au mfanyakazi akitoa kartoni moja kila jioni, bima ya kuvunjwa duka haihusiki. Kwa sababu hiyo ukikuta duka limevunjwa usikimbilie kutengeneza mlango. Piga picha kufuli ilipoangukia, piga picha mlango kutoka nje na kutoka ndani, nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB, mpigie wakala siku hiyo hiyo, halafu ndipo umwite fundi. Kufuli iliyovunjika ihifadhi. Soma pia hati inataka mlango ufungwe vipi. Ikisema kufuli mbili na mlango wa chuma, na usiku ule ulifunga moja, dai lako limeingia mashakani.

Malipo nayo yana sheria yake. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, kinaizuia kampuni kubeba hatari kabla haijapokea ada. Maana yake, shilingi uliyomwachia wakala mfukoni haijakulinda. Lipa kwa Paybill ya kampuni yenyewe, usitume kwa nambari ya simu ya mtu, na usubiri hati yenye jina lako, mahali duka lilipo, kiwango, na tarehe ya kuanza na kuisha. Kampuni na mawakala hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, kwa hiyo uliza leseni ya mwaka huu na uihakikishe kwa Mamlaka. Wanachama wasiotaka bima ya kawaida kwa sababu ya dini wanaweza kuchukua takaful. Lakini na huko waulize namna bidhaa zilizokatiwa pungufu zinavyohesabiwa, wasidhani kwamba hesabu ni nyepesi zaidi.

Lililobaki ni la kamati. Msikate bima moja kwa jina la kikundi mkidhani imefunika maduka yote. Kila duka liwe na hati yake, au kama ni hati ya pamoja, kila duka litajwe kwa mahali pake na kiwango chake. Kwa yule mwenye mkopo, ombeni kampuni iandike kikundi kwenye hati kama mwenye maslahi kwa kiasi cha deni, ili fidia ikija, deni lilipwe kwanza na salio limfikie mwenye duka. Mwanachama akubali hilo kwa saini kabla ya kupewa mkopo, msingoje moto.

Na mweka hazina alinganishe tarehe mbili. Bima ya duka huisha baada ya miezi 12. Mkopo wa miezi 18 una miezi 6 ya mwisho ambayo haina ulinzi wowote bima isipohuishwa, kwa hiyo ada ya mwaka wa pili ianze kukusanywa kidogo kidogo pamoja na marejesho kuanzia mwezi wa saba, iwekwe kando, na ilipwe kwa kampuni wiki moja kabla hati haijaisha. Siku hiyo hiyo bidhaa zihesabiwe upya, maana duka lililokuwa na 600,000 mwaka jana huenda sasa lina 800,000.