YAH: KUKATALIWA MADAI YA BIMA YA DUKA KWA SABABU YA KUCHELEWA KUTOA TAARIFA

Kirumba, Mwanza

Meneja wa Madai,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Usiku wa tarehe 14 Machi upepo wa ziwani uliezua mabati ya bohari ya duka langu la vifaa vya ujenzi, bati moja likaangukia pikapu yangu uani. Vyote viwili mmevikatia bima ninyi: gari lina bima kubwa, duka lina bima ya moto iliyoongezewa dhoruba. Asubuhi nilimpigia wakala wenu, nikamweleza hasara zote mbili na kumtumia picha. Akaniambia tuanze na fomu ya gari, ya duka ataileta. Aliileta wiki tatu baadaye, nikaijaza papo hapo. Gari mmelipa. La duka mmekataa, eti maandishi yamekuja baada ya siku 14.

Sharti lenyewe silipingi. Gari likishanyooshwa bodi kabla ya kukaguliwa, nani atajua bonde lipi ni la siku ile na lipi la mwaka jana? Duka ndiyo zaidi: maji yanazidi kuharibu, mali inahamishwa, fundi anaezeka upya, na chanzo cha hasara hakionekani tena. Taarifa ya mapema inawapa nafasi ya kuona kabla mambo hayajavurugwa.

Sasa, ni kipi hamkukiona? Mkadiria hasara wenu alikuja wiki ileile kwa ajili ya gari. Bati lilikuwa bado juu ya boneti. Akaingia bohari, akapiga picha paa lililo wazi, maana ndiko bati lilikotoka. Saruji iliyolowa ilikuwa kwenye chaga, na ipo hadi leo: ukichana karatasi ya mfuko unakuta jiwe lenye umbo la mfuko. Sijatupa hata mmoja. Nilichofanya ni kufunika turubai kuzuia hasara isiongezeke, kama mkataba wenu unavyoniagiza.

Mnasema kumwambia wakala si kuiambia kampuni. Angekuwa dalali ningewaelewa, kwa kuwa dalali humwakilisha mteja. Huyu ni wakala wenu, anatembea na kitambulisho chenu na anapokea ada kwa niaba yenu. Akipokea ada ni kampuni, akipokea taarifa ni mpita njia?

Naomba mfungue upya madai haya, na mtume mkadiria ahesabu saruji. Mkishikilia uamuzi wenu, nijibuni kwa maandishi mkieleza huo ucheleweshaji umewazuia kuchunguza nini hasa. Jibu hilo nitaliambatisha kwenye malalamiko yangu kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, pamoja na picha na kumbukumbu ya simu ya asubuhi ile.

Wenu,
Mmiliki wa duka